Picha za stafu zinatoka kila moja na rangi yake: tafuta shida hapa

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu 31, ofisi moja hapa Kisumu, ghorofa ya tatu, madirisha yote yanaangalia upande wa ziwa. Nilianza saa tatu asubuhi nikamaliza kama saa kumi hivi, pazia moja la nyuma ya mtu, flashi moja, nikarudi nyumbani nikijiona fundi. Kesho yake asubuhi madam anayesimamia mambo ya stafu akanipigia.

"Kaka, hizi picha ulipiga zote wewe ama kuna mtu alikusaidia?"

"Ni zangu zote madam, kwani?"

"Hebu zipange moja kando ya ingine uone. Zinakaa za kampuni tatu."

Nikazipanga kwa laptopu, na kweli bana. Watu wa asubuhi walikuwa na pazia jeupe linalovuta kwa bluu, wa saa saba pazia limekuwa kijivu, wa saa tisa kwenda mbele wote wako manjano kama wamesimama karibu na jiko. Na nyuso pia, kuna wawili wanakaa dawati moja, rangi yao ya ngozi karibu ni moja, lakini kwa picha huyu ameiva na mwenzake amefifia. Picha moja moja ukiziangalia ziko sawa kabisa, shida inaonekana tu zikikaa pamoja, na kwa websaiti ndiyo venye zitakaa, ukurasa mmoja, safu kwa safu.

Nikarudia kazi yote bure. Hapo ndipo nilijifunza kutafuta hizi shida moja moja, dalili kwanza alafu chanzo, badala ya kusongesha slaida za `Lightroom` usiku kucha nikitumaini.

Dalili: pazia linabadilika rangi kadiri siku inavyoenda

Kama pazia la asubuhi na la jioni hayafanani, na hukuligusa, basi kuna mwanga mwingine unaingia kwa picha zako mbali na flashi. Ni dirisha, ni taa za tyubu za ofisi, ama vyote viwili. Flashi haibadiliki rangi ya maana, iko karibu na 5500 K asubuhi mpaka jioni, lakini jua la Kisumu asubuhi ni kitu kingine, likifika mchana wingu la mvua linajikusanya juu ya ziwa chumba kinakuwa bluu, baadaye jua linarudi limelala linakuja na manjano yake. Tyubu nazo zina kijani fulani hivi ambacho macho yako hayakioni juu ubongo umeshakizoea.

Kujua kama hiyo ndiyo shida yako ni rahisi sana na hakuna mtu alinifunza, nilikuwa najua tu kuwasha vitu. Acha kamera venye iko, usiguse chochote, zima flashi peke yake alafu piga picha. Ikitoka nyeusi tii, mwanga wa chumba hauhesabiki na uko salama. Ukiona mtu, hata kama ni kivuli chake tu anaonekana kwa giza, hiyo ndiyo takataka inayochanganyika na flashi yako, na itabadilika kila wingu likipita.

Mimi siku ile nilikuwa f/2.8, shata 1/60, na `Auto ISO` ambayo ilikuwa inapanda mpaka 800. Nikijaribu hiyo picha ya bila flashi kwa setingi hizo ningeona chumba chote, mpaka kalenda ya ukutani. Yaani karibu nusu ya mwanga wa picha zangu ulikuwa unatoka kwa dirisha na mimi nadhani ni flashi inafanya kazi.

Dawa: weka kamera kwa `M`, yaani wewe ndiye unapanga kila kitu, ISO 100, shata 1/160, f/5.6 ama f/8, alafu ongeza nguvu ya flashi mpaka uso ukae sawa. Shata usiipandishe ovyo, kamera nyingi zinakubaliana na flashi mpaka 1/200 hivi, ukipita hapo utaanza kuona mkanda mweusi umekata picha kwa chini ama juu, na huo si ugonjwa wa flashi, ni pazia la ndani ya kamera limefunga mapema. Funga mapazia ya dirisha kama yapo. Taa za ofisi ukiweza zima, na kama bosi hataki zizimwe si neno, ile picha nyeusi ndiyo itakuambia kama zinakusumbua.

Wale hawana flashi na wanategemea taa za LED za kuwaka muda wote, kwenu hii dawa haifanyi kazi, manake taa hizo nguvu zake ni ndogo na haziezi kushinda dirisha. Nyinyi funikeni dirisha kabisa, tumia hata shuka nzito. Na mkiona mistari ya giza na mwanga imelala kwa picha, ni taa inapepesa: stima yetu ni ya hezi 50 kwa hivyo taa mbovu inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, weka shata 1/100 ama 1/50 mistari itaisha.

Dalili: pazia ni lile lile lakini rangi inaruka mtu kwa mtu

Hii inafanana na ile ya kwanza lakini chanzo ni tofauti, na utaijua juu haifuati saa. Mtu wa nne ako poa, wa tano amekuwa bluu, wa sita amerudi poa. Angalia wamevaa nini. Wa tano utakuta amevaa shati la machungwa ama kitenge chekundu. Hapo ni `AWB`, kamera inaamua yenyewe rangi ya mwanga kila fremu, ikiona nyekundu nyingi inadhani taa ndiyo nyekundu, inavuta kwa bluu kusawazisha.

Itoe kwa `AWB` uweke `K` 5500, ama zaidi ya hapo chukua kadi ya kijivu, mpe mtu wa kwanza ashike chini ya kidevu, piga fremu moja. Kwa `Lightroom` unabonyeza kile kidude cha kuchagua rangi juu ya hiyo kadi mara moja, alafu unanakili kwa picha zote zilizobaki. Kadi ni bei ya chai na mandazi ya wiki moja hivi, na itakuokoa usiku mzima.

Ikikataa hata baada ya hapo, geuka uangalie ukuta. Kuna ofisi moja Kakamega ukuta wa upande ulikuwa umepakwa kijani ya kampuni, ile kijani ya kujitangaza, na mashavu ya upande huo yote yalitoka kama mtu anataka kutapika. Hakuna setingi inatibu hiyo. Sogeza kila kitu mbali na ukuta ama uufunike na kitu cheupe.

Dalili: uso unakuwa giza mtu akivaa nyeupe, unang'aa akivaa suti nyeusi

Hawa ndio wale wawili wa dawati moja. Mmoja alikuwa na blauzi nyeupe, mwingine koti jeusi. Kipimo cha kamera hakijui uso ni nini, chenyewe kinachukua kila kitu kilicho mbele yake na kutaka kukifanya kijivu cha kati. Ukimpa pazia jeupe na blauzi nyeupe kinaona ni mwanga mwingi mno, kinapunguza, na anayeumia ni mwenye uso mweusi katikati. Ukimpa koti jeusi kinafanya kinyume. Kwa ngozi zetu makosa ya hiki kipimo yanaonekana haraka sana, manake uso unapoteza umbo, macho yanazama, unabaki na meno.

Kuwa kwa `M` kunatibu nusu. Nusu ingine ni flashi yenyewe, kama iko kwa `TTL` nayo inafanya ujinga ule ule wa kupima kila fremu, kwa hivyo nayo iweke `M` uipe namba moja, tuseme 1/4, ikae hapo siku nzima. Pima kwa uso wa mtu mmoja, mkuze kwa skrini uangalie paji na shavu, na usiamini skrini ya kamera kwa mwangaza manake kwa chumba cha giza kila picha inakaa imeng'aa. Washa ile onyo ya sehemu zilizoungua, isionekane kwa ngozi hata kidogo, ikionekana kwa kola ya shati jeupe kiasi si mbaya.

Sasa si ati mtu mweusi zaidi na mtu mweupe zaidi watoke sawa, hapana, hiyo ni kudanganya watu sura zao. Mwanga ukiwa mmoja kila mtu atatoka na rangi yake. Akiwepo mwenye ngozi nyeusi sana, badala ya kupandisha flashi mimi namsogezea manila pepa jeupe karibu upande wa kivuli, umbo la uso linajitokeza na pazia linabaki venye lilikuwa.

Dalili: kila kitu umekifunga na bado wengine wameng'aa kuliko wengine

Hapa nilikaa sana kabla nijue. Kamera `M`, flashi `M`, rangi imefungwa, na bado mtu wa tisa ameng'aa na wa kumi amepoa. Ni miguu yao. Mwanga ukienda mbali unapungua haraka kuliko unavyodhani: umbali ukiwa mara mbili unabaki na robo, si nusu. Softboksi yangu iko mita 1.2 kutoka kwa uso, mtu akirudi nyuma sentimita 30 tu, na watu wenye haya wanarudi nyuma kila siku, anapoteza zaidi ya thuluthi ya mwanga. Yule mchangamfu anakuja mbele kukusikia vizuri anaungua.

Solotepu mbili sakafuni, moja ya vidole vya miguu na ingine ya stendi ya flashi. Ama kiti kisicho na mgongo, ambacho mimi napenda zaidi juu kinapunguza pia tofauti ya warefu na wafupi. Kiti nacho kiwekee alama, usiamini kwamba hakitasogea.

Kuna ingine inafanana na hii: fremu mbili nzuri, ya tatu giza, mbili nzuri, giza tena. Hiyo si miguu ya mtu, ni flashi haijajaza na wewe una haraka. Betri zinachoka, zinachukua sekunde nne badala ya moja, na ukibonyeza kabla haijajaa inatoa tu kile inachoweza. Shusha nguvu iwe 1/4 ama chini, ukose hapo panda ISO mpaka 200, na uwe na seti mbili za betri za kuchaji. Stima ikipotea saa sita, na itapotea, utafurahi taa yako haikuwa ya kuchomeka ukutani.

Dalili: pazia jeupe linatoka kijivu, ama lina kivuli cha kichwa

Watu wananiuliza hii kuliko zote. Pazia ni jeupe, nimelinunua jeupe, mbona kwa picha ni kijivu. Ni ile hesabu ya umbali tu. Uso uko mita 1.2 kutoka kwa taa, pazia liko mita 3 kutoka kwa taa hiyo hiyo, pazia linapata kama sehemu moja ya sita ya mwanga wa uso. Lazima litoke kijivu, hata ungelifua na jiki.

Alafu mtu anafanya nini? Anamsukuma jamaa karibu na pazia ndiyo lipate mwanga. Sawa, limekuwa jeupe, lakini sasa kuna kivuli cha kichwa kimekaa begani kama mtu wa pili, na mikunjo yote ya kitambaa inaonekana. Hiyo ni kubadilisha shida moja kwa mbili.

Amua mapema. Kama websaiti inataka nyeupe kabisa unahitaji flashi ya pili ya pazia peke yake, iwe imezidi uso kwa kama stopu moja hivi, yaani mwanga mara mbili. Ukizidisha zaidi mwanga wa pazia unaanza kula masikio na nywele za pembeni, na ukiona masikio yanayeyuka ndiyo ujue umepita. Kama una flashi moja kama mimi nilivyokuwa, kubali kijivu. Kijivu hafifu ni rafiki, shati jeupe linaonekana, koti jeusi linaonekana, afro inaonekana mpaka mwisho wake. Mtu akae mita 1.5 mpaka 2 kutoka kwa pazia, kivuli kitaangukia sakafuni nje ya picha, mikunjo midogo itapotelea kwa ukungu wa lenzi. Yule mteja wa Kisumu alitaka nyeupe, nikamwonyesha zote mbili kwa simu, akachagua kijivu mwenyewe.

Miwani na jasho, haraka haraka

Mwanga kwa miwani: pandisha softboksi juu na uisogeze pembeni zaidi mpaka ile mraba nyeupe itoke kwa kioo. Ikibaki kidogo mwambie ainue mikono ya miwani juu ya masikio kiasi cha unene wa kidole, kioo kinainama chini, na kwa picha hakuna mtu atajua. Usimwambie avue, anavaa kila siku, stafu wenzake hawatamtambua.

Jasho ni la kwetu hili, Kisumu saa nane mchana na umefunga madirisha yote juu ya mwanga. Paji linang'aa kidoti kikali cheupe. Tishu kwanza, kubonyeza si kufuta, kwa kufuta unatoa na poda ya madam. Lakini kama kila mtu anang'aa hata asubuhi wakiwa wamepoa, shida ni taa ndogo. Taa ndogo inaacha kidoti, taa kubwa ya sentimita 90 ama 120 ikiwa karibu inaacha ng'aro pana laini, na hiyo kwa ngozi nyeusi ni nzuri, ndiyo inaonyesha shavu liko wapi. Usiiue yote.

Dalili: mdomo unacheka, macho yanalia

Sasa hapa ndipo kuna kazi, ile ingine yote ni namba.

Mtu wetu wa kawaida picha rasmi anayoijua ni ya kitambulisho. Alipigwa akiwa na miaka 18, akaambiwa asicheke, aangalie mbele, na tangu siku hiyo akiona kamera na pazia mwili unakumbuka. Mabega yanapanda, kidevu kinainuka, pumzi inakatika. Ukimwambia "smaili" anafanya venye umemwambia, anavuta mdomo pembeni, na macho yanabaki kwa kitambulisho. Kicheko cha ukweli kinainua mashavu na kukunja kidogo ngozi ya pembe za macho, na ile misuli ya kuzunguka jicho si rahisi kuikunja kwa kuamriwa. Kwa hivyo ukimwamuru mara nyingi utapata tu nusu ya chini ya uso.

Kabla ulaumu mtu, angalia vyanzo viwili vya mitambo. Kama kuna mtu kila fremu macho yamefumba nusu na wengine wako sawa, inawezekana ni `TTL` tena: flashi inatoa mmweko mdogo wa kupimia kabla ya ule wa picha, mwenye kope za haraka anajibu ule wa kwanza na wa pili unamkuta ameshafumba. Ukiweka flashi `M` mmweko ni mmoja na anapona palepale. Nimeona hiyo kwa jamaa wa stoo ambaye ofisi nzima ilikuwa inasema ati yeye hapigiki. Ya pili ni kama macho yamekunjwa ya kuumia, basi labda umemgeuza anaangalia dirisha.

Baada ya hapo ni chumba. Siku ya kwanza niliwaacha foleni yote imesimama mlangoni, watu wanane wanaangalia mmoja. Kila mtu akikaa kwa kiti wanamtania, "leta sura ya mkopo!", wanacheka wao, yeye anakauka. Siku ya marudio nilifunga mlango. Ndani ni mimi, anayepigwa, na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, rafiki yake. Huyo rafiki anasimama bega kwa bega na kamera, si nyuma ya mwanga, ndiyo mwenye kupigwa akimwangalia macho yanakuwa karibu na lenzi.

Kulikuwa na mama wa kaunta ya malipo, amefanya hapo miaka mingi, kila mtu anamheshimu. Alikaa mikono kwa magoti kama yuko kanisani. Kamera ilikuwa kwa stendi na mimi nina rimoti mkononi, nilikuwa nimesimama kando nikiwa namwangalia yeye na si kioo, hiyo peke yake inasaidia sana manake mtu anaongea na mtu, haongei na chuma. Fremu tano za kwanza niliharibu makusudi, nikimwambia napima taa. Alafu nikamuuliza:

"Mama, kwa hii ofisi nani anapika chai mbaya zaidi?"

Hakunijibu. Akamwangalia rafiki yake kando yangu, yule akaweka mkono mdomoni, na mama akapasuka. Sikubonyeza hapo. Wakati mtu anacheka kabisa mdomo uko wazi, macho yamefungwa, kichwa kimerudi nyuma, si picha ya websaiti. Nikahesabu moja, mbili, kicheko kikaanza kushuka, akavuta pumzi, akarudisha macho kwangu bado yana ule moto, hapo ndipo nikabonyeza mara tatu. Ya pili ndiyo iko kwa ukurasa wao mpaka leo.

Swali lazima liwe na jibu ambalo liko kwa tumbo, si kwa kichwa. "Unapenda kazi yako?" inaleta sura ya intavyu. Gor na Ingwe inafanya kazi kwa wanaume wengi huku, lakini uliza kwanza kama timu yake ilishinda wikendi, mimi niliwahi kuuliza vibaya nikapata sura ya msiba fremu ishirini. Mtoto wake anaitwa nani na alisumbua nini asubuhi, hiyo haijawahi kuniangusha kwa mzazi.

Kuna watu hawacheki, na hapo usilazimishe. Mkurugenzi mmoja Nakuru, mzee wa watu, aliniambia wazi, "Kijana, mimi meno sitoi." Sawa mzee. Nilimwambia afunge macho, atoe pumzi yote polepole kwa mdomo, alafu nikihesabu tatu afungue aniangalie kama anayemwona mjukuu mlangoni. Sekunde moja ya kwanza macho yakifunguka uso haujakumbuka kukaza. Meno hayakutoka, lakini uso ulikuwa wa mtu anayekukaribisha. Kidevu kikipanda, usiseme "shusha kidevu", atashusha na kutengeneza shingo ya pili, mwambie alete paji mbele kidogo kuelekea kwako, kidevu kitafuata chenyewe.

Na baada ya fremu kumi hivi mwonyeshe nzuri moja kwa skrini. Moja. Ukimwonyesha zote ataona mbaya na atarudi kwa kitambulisho.

Dalili: vichwa vingine vikubwa vingine vidogo

Stendi ya kamera isisogee, umbali kutoka kwa mtu kama mita 2 na lenzi ya 85 mm, ama 50 mm kama kamera yako ni ya sensa ndogo. Ukitumia lenzi pana ukakaribia pua zinakua, na kila mtu atajua. Mtu mrefu, pandisha stendi nzima mpaka lenzi iwe usawa wa macho yake, usiielekeze kamera juu kumwangalia. Kata zote kwa uwiano mmoja, 4 x 5 kwa mfano, na macho ya kila mtu yakae kwa mstari ule ule, thuluthi moja kutoka juu. Wenye afro ama kilemba waachie nafasi yao juu, usishushe macho kwa sababu ya nywele.

Na kabla ufungue stendi hata moja, piga picha ya chumba chote na simu, alafu andika: flashi 1/4, f/5.6, 1/160, ISO 100, `K` 5500, taa hadi uso mita 1.2, uso hadi pazia mita 1.8, kamera hadi uso mita 2. Mimi nilibandika hiyo karatasi ndani ya mfuko wa softboksi. Miezi mitano baadaye madam akanipigia tena, wameajiri vijana wawili, na ile ofisi tuliyotumia imeshagawanywa vyumba, kwa hivyo tulienda kwa korido ya nyuma karibu na jiko. Nikapima na futi ya fundi nguo, nikapiga ile picha nyeusi, nikawapiga wote wawili kwa dakika 25. Jioni akaziweka katikati ya zile zingine, akanitumia ujumbe: "Sasa wageni ni wepi?"